Barua kwa mwanangu: jibu swali lililoandikwa

"Mama, fomu ya ile kazi ya stoo inauliza kama nimewahi kutiwa hatiani na mahakama. Ni miaka 9 sasa. Niandike ndiyo, au niache wazi kwanza nisubiri waniulize wenyewe?"

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi kwa sauti ili baba yako asikie. Alinyamaza, akavaa viatu, akatoka nje, kama anavyofanya kila zile nyaya za kesi yako zinapotajwa. Usimhesabie. Unamjua.

Andika ndiyo. Ukiacha wazi, anayeisoma fomu ataijaza mwenyewe kichwani, na atakachokijaza kitakuwa kikubwa kuliko ulichofanya. Ukiandika hapana, unawapa sababu ya kukufukuza hata baada ya miaka 5, kwa uongo wa kwenye fomu, wakati kosa lenyewe pengine lisingewazuia kukuajiri. Hilo limekwisha. Linaloninyima usingizi ni maneno yatakayofuata baada ya hiyo ndiyo. Sijasahau ulivyorudi kutoka usaili wa kwanza baada ya yale mambo, macho mekundu, ukaniambia umeongea nusu saa nzima na hukumbuki hata ulichosema.

Maneno yangu unayajua tangu enzi za mitihani: jibu swali lililoandikwa, usijibu hofu yako. Mlikuwa mnayasema pamoja nami, wewe na dada yako, kabla sijayamaliza. Lakini kuna siku moja iliyoyafanya maneno hayo yawe mazito kwangu, na sijawahi kuwasimulia. Nitakusimulia leo, kwa sababu yaliyotokea siku ile yanakuhusu kuliko yanavyonihusu mimi.

Ilikuwa kabla ya mambo yako, nikiwa afisa utumishi. Tulikuwa tunatafuta dereva. Alipatikana kijana mmoja mtulivu, leseni safi, akapita usaili na majaribio ya barabarani, barua ya ajira tukampa. Wiki mbili baadaye ripoti ya alama za vidole ikarudi: alitiwa hatiani kwa kupigana hadharani, miaka 6 nyuma, akatozwa faini. Kwenye fomu yetu alikuwa ameandika hapana. Wakubwa hawakuuliza zaidi. Amedanganya, basi, barua iondolewe. Nikaandika barua ya kuondoa ajira, nikaitia saini mimi.

Alikuja ofisini kesho yake. Hakupiga kelele. Aliomba kuiona fomu yake, nikamtolea kwenye faili. Akaweka kidole juu ya neno moja, kidole chenye kucha iliyopasuka, akaniuliza, "Mama, hapa pameandikwa kuhukumiwa. Kuhukumiwa si kufungwa? Mimi sikufungwa. Nililipa faini nikarudi nyumbani siku ile ile." Nilitazama kidole, nikatazama neno. Swali lilisema, "Je, umewahi kuhukumiwa?" Basi. Hakuna zaidi. Na swali lile, mwanangu, nililiandika mimi, mwaka mmoja kabla, nilipokuwa nafupisha fomu ili ienee ukurasa mmoja.

Ningeweza kunyanyuka, nikaenda kwa mkurugenzi, nikasema kosa ni la fomu. Nilimwambia kijana yule kwamba uamuzi umeshatolewa. Akasema ahsante. Mpaka leo ile ahsante yake ninaisikia. Mwezi uliofuata nililibadilisha swali, nikaliandika kwa urefu wake: umewahi kutiwa hatiani na mahakama kwa kosa lolote, hata kama adhabu ilikuwa faini au onyo? Yeye halikumfaa kitu.

Najiambia kwamba naye angeweza kuuliza maana ya neno kabla ya kujaza. Ni kweli, angeweza. Lakini nani huuliza, akiwa na kalamu mkononi, watu kumi nyuma yake kwenye foleni, na neno lenyewe linamtisha? Hofu ndiyo iliyomsomea swali.

Kwa hiyo yatazame maneno ya fomu yako moja moja. Kukamatwa ni polisi kukushika tu. Kushtakiwa ni kusomewa shtaka, na kesi ikafutwa au ukaachiwa huru, hujatiwa hatiani. Kutiwa hatiani ni mahakama kusema umetenda kosa, hata kama adhabu ni faini, onyo au kazi za kutumikia jamii. Kufungwa ni jambo jingine kabisa. Fomu ikiuliza kama umewahi kufungwa, jibu lako la kweli ni hapana. Ikiuliza kuhusu miaka 7 iliyopita tu, jibu lako la kweli ni hapana vilevile, na hujamficha mtu. Yako imeuliza kutiwa hatiani, haikuweka kikomo cha miaka, basi ni ndiyo.

Kuna nchi ambazo sheria yenyewe huifunga hukumu ndogo baada ya muda; Uingereza wana sheria ya namna hiyo tangu 1974, na kwa kazi nyingi mtu wa huko mwenye hukumu iliyokwisha muda halazimiki kuitaja. Hata huko zipo kazi zisizohusika na msamaha huo, kama kazi nyingi za kulea watoto. Hapo ulipo, usikisie na usimuulize rafiki. Ukienda mahakamani kuchukua nakala, muulize karani au wakili wa msaada wa sheria kama kwa kosa lako na kwa kazi hii kuna kikomo.

Na mahakamani uende kabla hujaijaza fomu. Nasema hivi kwa sababu kwenye ujumbe wako umeandika "ile kesi yangu ya wizi." Mwanangu, hukutiwa hatiani kwa wizi. Nilikuwepo, nimekaa benchi la pili na mjomba wako. Hati ya kwanza ya mashtaka ilisema wizi, ndiyo, lakini siku ya tatu mwendesha mashtaka aliibadilisha, na ulichokikiri ni kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Ulikuwa unatetemeka, sishangai hukusikia. Umebeba jina la kosa ambalo si lako kwa miaka 9, na sijui umeshaliandika kwenye fomu ngapi.

Nenda masjala na namba ya kesi, omba nakala ya hukumu, ulipie wanachotoza. Soma vitu vitatu: jina la kosa, tarehe ya hukumu na adhabu. Tarehe ya hukumu si tarehe ya kukamatwa. Kati ya hizo mbili kwako ilipita karibu miezi minne, na watu wengi huandika ile ya kukamatwa kwa sababu ndiyo iliyowakaa moyoni. Kisha omba na ripoti yako ya polisi, uone inasema nini, maana mwajiri ataiona hiyo. Angalia kama inaonyesha adhabu imekamilika. Niliwahi kuona ripoti inayoonyesha kesi bado ipo wazi, kumbe faini ililipwa zamani, risiti tu haikuingizwa kwenye daftari. Mwenyewe alikuwa hana habari, na sisi tukadhani anatukimbia. Ukiikuta hitilafu kama hiyo, irekebishwe sasa, kabla mwajiri hajaikuta. Maelezo yako yakipishana na karatasi hata kwa mwaka mmoja, hakuna atakayesema umesahau.

Kwenye fomu nafasi ni ndogo, na heri iwe ndogo. Andika: "Ndiyo. Kosa moja, miaka 9 iliyopita, adhabu imekamilika. Nitaeleza kwenye usaili, hati ninazo." Usiongeze. Fomu hupita mikono ya watu wasio na uamuzi wowote juu yako, na habari yako haiwahusu.

Ya kueleza kwa mdomo, nimeyaandika hivi. Yabadilishe yawe na sauti yako:

"Kwenye fomu nimeandika ndiyo, naomba nieleze. Miaka 9 iliyopita, nikiwa na miaka 21, nilitiwa hatiani kwa kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Zilikuwa nyaya za shaba za mahali nilipokuwa nafanya kibarua. Nilijua si zangu, nikazibeba. Nilikiri mahakamani, nikalipa faini, nikatumikia jamii miezi 3. Hati za kumaliza hizi hapa. Tangu hapo sijashtakiwa kwa jambo lolote. Kwa miaka 4 sasa nashika funguo za ghala la vipuri, na mali inahesabiwa kila mwisho wa mwezi. Msimamizi wangu anaijua habari hii tangu siku aliyoniajiri, na yuko tayari kuzungumza nanyi."

Nimeyasoma kwa sauti nikitazama saa. Hayafiki dakika moja. Yaseme wewe kwanza, kabla hawajafika kwenye swali hilo, na umwelekee yule mwenye uamuzi.

Rasimu ya kwanza haikuwa na "nilijua si zangu, nikazibeba." Niliandika "nilikutwa nazo." Nikaifuta, nikairudisha, nikaifuta tena. Moyo wa mama ulitaka kujificha nyuma ya lile neno "inayodhaniwa," na karatasi ingekuunga mkono. Lakini nimekaa upande ule wa meza miaka mingi. Mwombaji akisema "nilikutwa nazo," "mambo yalitokea," "niliingizwa kwenye matatizo," wasaili huacha kuandika na kutazamana. Wanatafuta mtu aliyetenda na hawamwoni kwenye sentensi. Anayesema "nilizibeba" huwa ameshawajibu nusu ya maswali.

Ndiyo maana hata yule rafiki yako sikumtaja kwenye maelezo. Najua wazo lilikuwa lake. Baba yako analijua hilo na ndilo linalomtoa nje kila mara. Lakini mezani pale, jina lake litasikika kama mzigo unaoutua kwa mwingine. Na umri? Nilitaka uandike kwamba ulikuwa mdogo, hujui dunia. Miaka 21 ni udogo, nitasema hivyo mpaka nife. Ila ukilisema wewe ni udhuru. Ukiitaja miaka 21 na kuendelea, wataihesabu wenyewe. Idadi iachwe ifanye kazi yake.

Sasa hapa ndipo penye uzito. Mwajiri mwenye kufikiri hupima mambo matatu: kosa lilikuwa la namna gani, muda gani umepita, na kosa hilo linagusaje kazi anayokupa. La yule dereva, kupigana, halikugusa usukani. Lako linagusa stoo moja kwa moja: mali ya mwajiri, mikononi mwako. Tusidanganyane. Huwezi kulipita hilo kwa kusema umebadilika. Kila mtu husema amebadilika, na neno hilo halina kinachoweza kuthibitishwa ndani yake.

Muda unao. Semina moja tulifundishwa utafiti wa watafiti wawili wa huko Marekani, Blumstein na Nakamura, wa mwaka 2009, waliofuatilia kumbukumbu za watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza jimbo la New York mwaka 1980. Kwa asiyekamatwa tena, uwezekano wa kukamatwa hushuka mwaka hadi mwaka, na baada ya miaka michache, chini ya kumi, hukaribia ule wa watu wengine wa rika lake. Miaka mingapi hasa inategemea kosa na umri. Usiende kuwasomea utafiti kwenye usaili, utaonekana umekuja kubishana. Nakwambia wewe, ili usiitaje hiyo miaka 9 kwa aibu, kama deni. Ni sehemu ya ushahidi wako.

Na ushahidi mwingine unao, ila sidhani unaujua. Wakikuuliza, na watakuuliza, "Tutajuaje hutarudia?", usiape. Wasimulie zile filta.

Unakumbuka ulivyonipigia simu jioni ile, sauti imekauka? Kadi ya rafu ilisema filta za mafuta 40, wewe umehesabu 34. Zimebaki siku nne kabla ya hesabu ya mwisho wa mwezi. Ulikuwa peke yako na funguo, na wewe unajua, kuliko mtu yeyote ghalani pale, wangemtazama nani kwanza. Ukaniuliza ufanye nini, na kabla sijajibu ukaniambia umeshamwandikia msimamizi: idadi ya kwenye kadi, idadi ya kwenye rafu, saa uliyohesabu. Kesho yake mkapitia hati za kutolea mali moja moja, mkaikuta hati ya filta 6 imewekwa kwenye faili la gari jingine, na kwenye kadi haikupunguzwa. Mwanangu, nilipokata simu nilikaa kitandani nikacheka peke yangu kama mwehu. Baba yako akadhani umeoa.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya sasa na wakati ule, na inaweza kuonekana. Stoo yoyote hupotewa na kitu, hata mtunza stoo mwaminifu kuliko wote atakuta upungufu siku moja. Ukiwaambia miaka 4 haikupungua hata nati, hawatakuamini, na wasikuamini. Waambie siku ilipopungua ulifanya nini, kabla ya mtu kukuuliza, na msimamizi ana ile karatasi. Aliyebeba nyaya alikaa kimya mpaka akafuatwa. Aliyekosa filta aliandika jioni ile ile.

Kuhusu msimamizi, muombe ruhusa tena, kwa kazi hii, na umwambie kwamba watamuuliza juu ya hukumu na juu ya filta. Mdhamini anayeshtukia habari kwenye simu huwa anasita, na upande wa pili wa simu hausikii kingine ila kule kusita. Hata kama anakupenda.

Kuna jambo moja nimebishana nalo usiku kucha. Je, uwaambie uko tayari miezi ya mwanzo mali ihesabiwe na watu wawili, na funguo ziwe na mtu wa pili? Upande mmoja naona ni kujidhalilisha, ni kama kunyoosha mikono ufungwe pingu kabla hujaguswa. Upande wa pili, ghala lolote lenye utaratibu lina saini mbili, hukumu au bila hukumu. Anayeandika hati ya kutoa mali siye anayeidhinisha. Nimeona hivi: usiahidi kama adhabu. Waulize utaratibu wao wa kuhesabu ukoje, kisha useme umezoea hesabu ya kila mwezi na saini mbili, na ndivyo unavyopenda kufanya kazi. Ni kweli, na ni swali ambalo mtunza stoo yeyote mzuri angeuliza. Lakini kama wewe ukilisema linakuchoma, liache.

Ukimaliza ile dakika moja, nyamaza. Hapa ndipo ulipoangukia mara ile. Wao watakaa kimya, mmoja ataandika kitu, mwingine atafunua karatasi. Kimya kile si hukumu, ni watu wanasoma. Ukikijaza utaanza kueleza mvua ya siku ile, na kibarua kilivyocheleweshwa malipo, na machozi yatakuja, na wataondoka wanakumbuka machozi badala ya filta. Hesabu vidole vyako chini ya meza mpaka aseme mtu.

Hukuniuliza kama kazi yenyewe uiombe, stoo tena, badala ya kitu kisichogusana na yale. Nina maoni yangu, na baba yako ana ya kwake, na siku hizi mbili tumeyagonganisha vya kutosha. Nilikwisha kuyaandika hapa mistari mitano, nimeifuta. Kama ungeniuliza... Hapana. Hukuuliza, na mimi ndiye niliyewafundisha kujibu lililoandikwa.

Risiti ya faini na barua ya kumaliza huduma kwa jamii ninazo mimi, kwenye bahasha ya kaki chini ya vyeti vyenu vya kuzaliwa. Wino wa risiti umeanza kufifia upande wa muhuri, kwa hiyo inatakiwa kutolewa nakala wiki hii. Njoo uichukue mwenyewe Jumamosi, sitaituma kwa mtu. Ukifika, baba yako akitoka nje, mfuate.

Mama yako